Sura ya Saba: Washa na Kikalio cha Mfereji wa Zamani

Katika nyumba nyingi za kale za mwambao, kuanzia Mji Mkongwe wa Unguja hadi Tanga na Mji wa Kale wa Mombasa, ingalipo mifereji ya shaba iliyofungwa zamani za utawala wa Waingereza, mizito mkononi, yenye vishikio vya mikono minne, imesimama wima juu ya mabeseni ya kunawia, nayo hutoa maji leo kwa wingi ule ule iliyoyatoa ilipokuwa mipya, ila imeingiwa na ila moja ya uzee, nayo ni kwamba haifungi ikafungika. Mwenye nyumba huzungusha kishikio mpaka mwisho, matone yakaendelea. Huongeza nguvu, matone yakapungua. Kesho yake nguvu ile haitoshi tena. Hapo huitwa fundi, naye hufungua mfereji, akatoa kipande cha mpira kilichomo, ambacho mafundi hukiita washa, akatia kipya, akalipwa haki yake na kwenda zake. Baada ya majuma machache matone hurudi, na fundi huitwa tena kwa kazi ile ile.

Nia ya sura hii ni kueleza kwa nini matone hurudi. Washa ni nusu tu ya kizuizi cha maji; nusu ya pili ni shaba ambayo washa huikalia, na shaba hiyo haibadilishwi na mtu kwa sababu haionekani ila kwa mwenye kuinama na kuitafuta. Madhali shaba hiyo imelika, washa yoyote itakayowekwa juu yake, hata ikiwa bora namna gani, itadumu muda mchache tu.

Umbo la mfereji huu lilitokea Rotherham, Uingereza, katika kiwanda cha Guest na Chrimes, mwaka 1845, na tangu siku hizo asili yake haikubadilika sana. Maji huingia kutoka chini, hupanda ndani ya kiwiliwili cha mfereji, na katikati ya safari hukuta ukuta wa shaba wenye tundu la mviringo. Ukingo wa tundu hilo umeinuliwa kidogo, kiasi cha milimita mbili tatu hivi, kama ukingo wa kisahani. Na ukingo huo ndio tutakaouita kikalio. Juu yake hushuka kibebeo, nacho ni kipande kidogo cha shaba chenye kisahani chini na mti mwembamba juu, na chini ya kisahani hicho washa imefungwa kwa nati ndogo. Mti wa kibebeo huingia ndani ya mhimili wenye hesi, na mhimili huo ndio unaozungushwa na kishikio. Tukizungusha kuume, mhimili hushuka, kibebeo hushuka pamoja nao, mpira hubanwa juu ya kikalio, maji yakakatika. Siku za mwanzo washa za maji baridi zilikatwa katika ngozi. Baadaye mpira ukachukua nafasi ya ngozi, nao ndio tunaoununua madukani leo.

Sasa, mpira ni laini na shaba ni ngumu, na msomaji ana haki ya kuuliza ni vipi kilicho kigumu kilike mbele ya kilicho laini. Jibu ni kwamba anayeila shaba ni maji, wala si mpira. Katika miji yetu maji huja kwa mgao. Bomba hukauka saa nyingi au siku nzima, na yanaporejea hubeba vumbi la kutu na chembe za mchanga yaliyozikokota njiani. Chembe moja ikinaswa baina ya washa na kikalio wakati wa kufunga, mpira hauwezi kushika mahali pale, na huachwa kipenyo chembamba kuliko unywele. Maji yenye shinikizo hupita katika kipenyo hicho kwa kasi kubwa kupita kasi yao ndani ya bomba, na kwa kuwa hupita usiku na mchana mahali pamoja pasipo kuhama, huchimba ukingo wa shaba taratibu mpaka hutokea mfuo, yaani mstari uliozama unaovuka kikalio kutoka ndani kwenda nje. Mfuo ukisha kupatikana, chembe iliyouanzisha hata ikiondoka, njia imekwisha kufunguliwa. Mwenye nyumba hukaza kishikio ili mpira uingie ndani ya mfuo na kuuziba, na kwa kitambo mpira hukubali, lakini kubanwa huko hukata uso wake, hata siku za maisha yake zikawa chache. Basi kukaza sana si dawa ya mfereji unaovuja; ni dalili ya ugonjwa, na ni sababu ya kuuzidisha.

Kabla ya kushika spana ni wajibu kujua maji yanatokea wapi. Maji yanayodondoka mdomoni mwa mfereji uliofungwa yanatokana na washa au kikalio. Lakini maji yanayochuruzika chini ya kishikio wakati mfereji umefunguliwa, na kukoma unapofungwa, hayahusiani na mambo hayo mawili. Hayo hupita shingoni, mahali mhimili unapotokea juu, na tiba yake ni kukaza kidogo nati ya shingo, au kuitoa na kuuzungushia mhimili nyuzi mpya za kufumbia. Nimepata kuona kikalio kizima kikisagwa bure kwa kutopambanua mambo haya.

Nitaifuata kazi yenyewe katika mfereji mmoja wa nusu inchi, katika nyumba ya Malindi, Unguja, kwa sababu mfereji huo ulikuwa na karibu kila dalili niliyoitaja. Bibi mwenye nyumba, baada ya kupokea shikamoo yangu, alisema: "Mwanangu, mpira huu umebadilishwa hata nimechoka. Sasa naufunga kwa mikono miwili, na usiku nasikia tone tone mpaka alfajiri." Nilimuuliza, "Bibi, ile mipira ya zamani umeitupa?" Hakuitupa, alinitolea kikopo kilichokuwa na washa tatu ndani yake, na kutoka katika kikopo kile nilipata habari nyingi kabla sijaugusa mfereji.

Washa iliyotumika ina alama ya kikalio usoni mwake. Kikalio kikiwa kizima, alama hiyo ni duara moja iliyobonyea, ya kina kimoja pande zote. Mpira ukiwa umekuwa mgumu au umepasuka, lakini duara ni kamili, kosa ni la mpira peke yake, na washa mpya itatosha. Washa za bibi zote tatu zilikuwa na duara iliyokatika upande mmoja, na pale ilipokatika mpira ulikuwa umetuna, umefanya kigongo kidogo kinachovuka duara. Kigongo kile ni mpira uliosukumwa ndani ya mfuo wa kikalio, ukachukua umbo lake. Washa tatu za maduka mbalimbali haziwezi kuwa na kovu moja isipokuwa zimelipata kwa kitu kimoja.

Kwanza maji hufungwa. Nyumba yenye koki yake baada ya mita hufungwa hapo. Nyumba inayopata maji kutoka tangi la darini hufungwa katika koki ya tangi, na ikiwa koki hiyo ni mbovu, hapana budi tangi limwagwe. Kisha mfereji hufunguliwa mpaka maji ya bombani yaishe, na tundu la beseni huzibwa kwa kitambaa, kwa kuwa parafujo ya kishikio ni ndogo na tundu la beseni halirudishi amana.

Parafujo hiyo aghalabu iko ubavuni mwa kishikio, au juu yake chini ya kifuniko kidogo chenye rangi ya kuonyesha maji ya moto au ya baridi. Ikitoka, kishikio hungʼolewa kwa kukisukuma juu kutoka chini, wala hakigongwi kwa nyundo. Chini yake mna kofia iliyopakwa kromu, nayo hufunguliwa kwa mkono juu ya kitambaa ili kromu isikwaruzike; na ikiwa chokaa ya maji imeishika, kama ilivyo desturi katika Unguja ambako maji hupita katika mawe ya matumbawe, kitambaa kilicholoweshwa siki na kufungiwa hapo kwa saa moja huilegeza vyema.

Kofia ikiondoka huonekana kichwa cha mfereji, chenye pande sita za kushikwa na spana. Hapa nataka msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo mabeseni yanapovunjwa. Kichwa kilichokaa miaka mingi hakitoki kwa hiari, na nguvu inayotiwa kukigeuza hugeuza kiwiliwili chote cha mfereji ndani ya tundu la beseni. Udongo wa kauri haupindi, basi hupasuka kutoka tundu hadi ukingo, na kazi ya washa moja ikawa kazi ya beseni zima. Kwa hiyo spana moja hushika kichwa, na mkono wa pili, au spana ya pili iliyovishwa kitambaa, hushika kiwiliwili na kukizuia, ili nguvu mbili zikutane katika shaba na isibaki hata moja ya kufika kwenye kauri. Tena mfereji huwa umefunguliwa mpaka mwisho wakati huu, ili mhimili usiwe unakibana kibebeo juu ya kikalio na kukipinga kichwa kisipande. Kikikataa, hutiwa mafuta ya kulegeza kutu katika hesi na kuachwa mpaka kesho.

Kichwa cha mfereji wa bibi kilitoka, na kibebeo kilibaki chini juu ya kikalio, kwa kuwa katika mifereji mingi ya namna hii hakikufungwa na mhimili, hukaa tu. Nilikiinua kwa plaisi. Nati inayoshika washa ilikuwa imeganda. Mti wa kibebeo ulishikwa kwa plaisi, nati ikageuzwa kwa spana ndogo, ikakubali. Pengine haikubali, na mti ukaanza kupinda. Hapo hapana haja ya kushindana, kwani kibebeo kipya chenye washa yake hununuliwa kwa fedha kidogo.

Kuhusu kipimo, neno moja lataka uangalifu. Washa ya nusu inchi haina upana wa nusu inchi. Jina hilo ni la mfereji unaoifaa, na washa yenyewe ina upana wa kiasi cha milimita 18 au 19. Inayofaa hujaa kisahani cha kibebeo bila kukipita; iliyo kubwa hukwaruza kuta za ndani na kukunjika, na iliyo ndogo hukosa ukingo wa kikalio. Uso wake wa chini uwe laini, na upande wenye maandishi ya kiwanda uelekee juu kwenye shaba ya kibebeo. Nati yake ikazwe kiasi cha kushika tu, kwa sababu ikikazwa kupita kiasi, katikati ya mpira huzama na kingo zake huinuka.

Sasa kikalio. Nilimulika tundu kwa tochi, nikapitisha ncha ya ukucha wa kidole cha shahada juu ya ukingo kwa kuuzunguka. Na katika upande ulioelekea mdomo wa mfereji ukucha ulinasa, ukashuka, ukapanda tena. Kwa wasioamini ukucha kuna ithibati nyingine. Uso wa washa mpya hupakwa masizi makavu ya kandili, membamba sana, pasipo mafuta, maana mafuta huozesha mpira. Kisha kibebeo huteremshwa juu ya kikalio, hubonyezwa kwa kidole na kugeuzwa kidogo, halafu huinuliwa. Mahali mpira ulipogusa shaba huwa peusi, na mahali usipogusa hubaki na rangi ya shaba. Katika mfereji huu duara nyeusi ilikatwa na ukanda wa njano wenye upana wa punje ya mchele, na upande wa kushoto palikuwa na mfuo wa pili ambao ukucha haukuutambua.

Chombo cha kusagia kikalio kinauzwa katika maduka makubwa ya vifaa vya mabomba, na fundi mmoja akiwa nacho hutosheleza mtaa mzima. Ni fito ya chuma yenye mpini wa kukingama juu, na chini ina kisagio cha chuma kigumu chenye meno usoni. Katikati imepita ndani ya kizibo chenye hesi, na kizibo hicho hufungwa mahali pale pale kichwa cha mfereji kilipotoka. Faida ya kizibo ni kuisimamisha fito wima juu ya tundu, kwa sababu kikalio kikisagwa mshazari huwa kibaya kuliko kilivyokuwa na mfuo. Kisagio huchaguliwa kiwe kipana kuliko ukingo wa kikalio na chembamba kuliko chumba chake, ili meno yafunike ukingo wote wala yasiguse kuta.

Nilifunga kizibo kwa mkono, nikaishusha fito mpaka kisagio kikakaa juu ya shaba, nikageuza mpini kuelekea kuume, taratibu, kwa uzito wa mkono tu. Hugeuzwa upande mmoja peke yake, kwani kurudi nyuma hutia meno ubutu. Anayekandamiza sana husikia kisagio kikirukaruka na kutetemeka, na mtetemo huo huandika mawimbi madogo juu ya kikalio, kila wimbi likawa njia mpya ya maji. Anayekwenda kwa upole husikia mkwaruzo mmoja mwembamba usiobadilika sauti. Baada ya mizunguko michache nilitoa chombo, nikafuta unga wa shaba kwa kitambaa, nikatazama. Ukingo ulikuwa unangʼaa pande zote isipokuwa katika mifuo miwili, iliyobaki na rangi yake ya zamani. Nikarudi kusaga kidogo, nikatazama tena. Mfuo wa kushoto ulikuwa umetoweka, ule mkubwa umekuwa uzi. Mara ya tatu duara ikangʼaa yote kamili, nami nikaacha papo hapo. Kusaga zaidi ya hapo ni israfu, kwa kuwa kimo cha kikalio ni milimita zile mbili tatu, na kila unga unaotoka ni umri wa mfereji uliopunguzwa.

Unga huo usiachwe ndani, kwa maana chembe za shaba huweza kufanya yale yale yaliyofanywa na chembe za mchanga. Nilifunika tundu kwa kitambaa na bakuli lililofudikizwa, nikamwomba kijana wa nyumba afungue koki kidogo na kuifunga mara moja. Maji yalipanda, yakatoka na unga wote. Masizi yalifutwa, washa ikarudishwa, hesi za mhimili zikapakwa grisi ya silikoni, ambayo haidhuru mpira wala maji ya kunywa. Kichwa kilirejeshwa mhimili ukiwa umepandishwa juu, kikakazwa kwa spana mbili kama kilivyofunguliwa. Koki ilifunguliwa polepole, mfereji ukaachwa utoe hewa na kutema maji machafu, ndipo nikaufunga. Ulifungika kwa vidole viwili. Nilikausha mdomo wake kwa kitambaa, nikasubiri, ukabaki mkavu. Nikamwomba bibi aufunge mwenyewe, na nikamsihi asiukaze tena kwa mikono miwili, na kila maji ya mgao yarejeapo aufungue kwanza wazi kabisa kwa kitambo, ili mchanga upite kabla ya mpira kushuka juu yake.

Si kila kikalio kinasagika. Mfuo uliochimba karibu kufikia sakafu ya chumba hauwezi kuondolewa pasipo kuondoa ukingo mzima, na ukingo ukiisha, washa hukaa juu ya sakafu bapa na kuziba vibaya. Kwa hali hiyo kuna vikalio vya nailoni vinavyouzwa pamoja na washa zake: kikalio hicho hutumbukizwa ndani ya tundu la zamani, na mfereji unapofungwa, mhimili wenyewe hukishindilia mahali pake. Huenda pakawa na matone kidogo siku za mwanzo mpaka kijikalie sawasawa. Na kwa mfereji ambao mwenyewe hapendi kuutoa, hii ni tiba ya kuaminika, ingawa sidhani inafikia shaba nzima iliyosagwa vizuri.

Lakini kuna maradhi ya shaba yasiyo na tiba. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na baadhi ya maji huitoa zinki polepole na kuiacha shaba nyekundu peke yake, yenye vitundu vingi na isiyo na nguvu, huku umbo la nje likibaki kama lilivyo. Kisagio kikigusa kikalio na unga ukatoka mwekundu badala ya njano, na ukingo ukamegeka kama jiwe la chokaa lililooza, usiendelee kusaga wala usitie nailoni, kwa sababu kuta za mfereji huo nazo zimo katika hali hiyo hiyo na siku moja zitakatika zikiwa na maji. Pima hesi za mkia wake chini ya beseni, ununue mwingine.